Tiketi zinafungwa, tatizo lilelile linarudi: chanzo mnakiwekaje alama wakati wa kufunga?

Foleni_Ndefu (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Timu yetu ni ndogo, tunahudumia mfumo wa ndani wa ofisi: ripoti, ankara, akaunti za watumiaji, vitu vya aina hiyo. Tunatumia Jira. Kufunga tiketi tunafunga, tena kwa kasi nzuri tu. Lakini nina wasiwasi kwamba tunafanya funika kombe mwanaharamu apite. Kila aliye zamu anazima tatizo lake, anaandika "imetatuliwa", anaendelea na nyingine. Zamu inayofuata mwenzake anakutana na kitu kilekile kikiwa kimevaa jina jingine, na hajui kwamba kilishapita.

Nimewaomba watu waweke lebo ya chanzo kila wanapofunga. Matokeo yake: kuna `diski`, kuna `Diski`, kuna `diski-imejaa`, kuna `nafasi`, kuna `seva`. Jira inazihesabu zote kuwa lebo tofauti, hata herufi kubwa na ndogo tu. Nikitafuta moja napata vipande.

Maswali yangu: orodha ya vyanzo iwe ndefu kiasi gani? Nani aiweke? Na mnawazuiaje watu wasichague tu chochote ili tiketi ifungike?

---

Zamu_ya_Usiku

Mkuu hilo jepesi. Ondoa lebo za kujiandikia, weka uga wa kuchagua kutoka kwenye orodha, ufanye wa lazima. Asiyechagua tiketi haifungiki. Sisi tulifanya hivyo na sasa kila tiketi ina chanzo, asilimia mia.

---

mpanga_kazi

Mimi lebo nazitumia sana, nyekundu kwa haraka, njano kwa ya kesho. Tena ukimtaja mtu kwa @ anapata taarifa papo hapo. Inasaidia mno kujua nani ana nini.

---

Foleni_Ndefu

Asante mpanga_kazi, ila hizo ni za kupanga kazi ikiwa bado wazi. Mimi nauliza ya mwisho, pale unapofunga: tatizo hili lilitokana na nini.

Zamu_ya_Usiku, asilimia mia ya nini sasa? Zina chanzo, au zina kitu kilichojazwa?

---

Zamu_ya_Usiku

😄 Zimejazwa. Sawa, nikiri kwamba "Nyingine" ndiyo inaongoza.

---

Bi_Daftari

Mleta uzi, kabla ya kuzungumzia orodha, tubandikie tiketi tano hivi zilizofungwa ambazo unazishuku. Kichwa cha tiketi na kile mtu alichoandika wakati wa kufunga, basi. Majina yafute.

---

Foleni_Ndefu

Hizi hapa, zote za mwezi mmoja, zimefungwa na watu tofauti:

1. "Ripoti ya mauzo haifunguki". Kufunga: nimewasha upya huduma, iko sawa.
2. "Mfumo mzito tangu asubuhi". Kufunga: nimefuta faili za zamani.
3. "Ankara hazitoki kwa PDF". Kufunga: imejirekebisha yenyewe.
4. "Siwezi kupandisha kiambatisho". Kufunga: nimeongeza nafasi.
5. "Ripoti ya mauzo iko tupu". Kufunga: nimewasha upya huduma.

---

Bi_Daftari

Nashukuru. Tazama walichoandika wenzako. Hakuna hata mmoja aliyeandika chanzo. Wote wameandika walichofanya. Na vichwa vya tiketi ni malalamiko ya mtumiaji, yaani dalili. Kwa hiyo ukimwambia mtu kama huyu achague chanzo kwenye orodha, atachagua kinachofanana na dalili au kinachofanana na dawa, na takwimu zako zitakuwa na sura ya kazi huku zikiwa hazisemi kitu.

Ya kwanza na ya tano zina neno "ripoti" na zote zimetibiwa kwa kuwasha upya. Kwa haraka haraka utazipa alama moja. Mimi nisingefanya hivyo kabla ya kuangalia. Je, hizo tano zilikuwa kwenye seva moja? Ingia kwenye hiyo seva, endesha `df -h`, kisha `du -sh` kwenye saraka ya logi, uone kama mahesabu yanakubaliana. Yasipokubaliana, endesha na hii:

```
lsof +L1
```

---

Foleni_Ndefu

Nimerudi. Dada, umejuaje?

Nne za kwanza ni seva moja, ile mpya. `/var` imejaa kwa 97% ninapoandika hapa. `du` inaonyesha logi ndogo kuliko nafasi iliyotumika, tena kwa mbali. Na `lsof +L1` inaonyesha faili kubwa la logi lililokwisha kufutwa, ila huduma yetu bado imelishika.

Ya tano si seva hiyo kabisa. Data ya usiku ilichelewa kuingia, ripoti ikaandaliwa kabla data haijafika. Mwenzetu alipowasha upya huduma, data ilikuwa imeshafika, ndiyo maana ripoti ikajaa. Kuwasha upya hakukuhusika.

---

Bi_Daftari

Sasa unaona namna zinavyoungana.

Tiketi ya pili mwenzenu alifuta logi kwa `rm` huku huduma ikiendelea kuliandikia. Kwenye Linux, jina la faili linaondoka lakini nafasi hairudi mpaka programu iliyolishika iliachie. Kwa hiyo `df` inaendelea kusema diski imejaa, naye anaona amesafisha. Tiketi ya kwanza ilipona kwa kuwasha upya kwa sababu hiyohiyo: huduma ilipozimwa ililiachia faili, nafasi ikarudi. Ya tatu "ilijirekebisha" na nina hakika kubwa kwamba kuna mtu aliwasha upya huduma muda huohuo kwa tiketi nyingine. Ya nne diski iliongezwa, ambayo ni kununua muda tu.

Dalili nne, dawa nne, chanzo kimoja. Halafu 1 na 5 zina dalili zinazofanana na dawa ileile, ila vyanzo viwili. Ndiyo sababu mimi nawalazimisha watu wangu watenganishe mambo matatu kwenye tiketi: dalili imebaki kwenye kichwa, kilichofanyika kina uga wake, chanzo kina uga wake. Ukiviweka pamoja, kilichofanyika kinameza chanzo kila mara, maana ndicho mtu anachokikumbuka wakati anafunga.

Lakini kazi haijaisha. "Diski imejaa" si chanzo unachoweza kukifanyia kazi. Kwa nini logi zinajaa kwenye seva mpya na si kwenye ile ya zamani? Linganisha saraka ya `/etc/logrotate.d/` kwenye seva zote mbili.

---

Foleni_Ndefu

Ya zamani ina faili la huduma yetu. Mpya haina.

---

Bi_Daftari

Basi. Chanzo ni kwamba seva mpya iliandaliwa pungufu, zungusho la logi halikuwekwa. Hiyo ndiyo alama ya kuweka kwenye tiketi zote nne, hata kama zimefungwa zamani. Rudi uzirekebishe.

Na ukiliweka faili hilo, soma jinsi huduma yenu inavyoandika logi. Logrotate ikilibadilisha jina faili bila kuiambia huduma ifungue jipya, huduma itaendelea kuandika kwenye lile la zamani, na likija kufutwa utarudi kwenye shida ya `lsof` ileile. Ama utume ishara kwenye sehemu ya `postrotate`, ama utumie `copytruncate` ukikubali kwamba mistari michache inaweza kupotea wakati wa kunakili.

---

Kaka_wa_Kwa_Nini

Hapa mmekomea njiani. Kanuni ni kuuliza "kwa nini" mara tano. Kwa nini zungusho halikuwekwa? Kwa sababu aliyeandaa seva hakufuata orodha. Kwa nini hakufuata? Kwa sababu ya uzembe. Hapo ndipo kwenye kiini: weka alama ya "uzembe" na wahusika waonekane.

---

Bi_Daftari

Kuuliza kwa nini ni vizuri, nami nimeuliza. Pa kusimamia ndipo tunapotofautiana.

Mimi naipima alama hivi: ikifika mara tano kwenye jedwali, je, timu itajua iende ikaguse nini? "Diski imejaa" ikifika tano, watanunua diski. "Uzembe" ukifika tano, watagombana. "Maandalizi ya seva pungufu" ikifika tano, mtu atakwenda kufungua orodha ya maandalizi na kuongeza mstari, au ataandika skripti ili kusiwe na cha kusahau. Juu ya hapo ni pafupi mno, chini ya hapo ni maji marefu.

Na kuna jambo la kiutendaji kabisa. Siku utakapoweka "uzembe" kwenye orodha, watu wataacha kusema kweli kwenye uga huo, kwa sababu anayefunga tiketi mara nyingi ndiye aliyeandaa hiyo seva.

---

Kaka_wa_Kwa_Nini

Nimekuelewa kwa "uzembe". Lakini "kosa la mtumiaji" lazima liwepo. Nusu ya tiketi zetu ni watu wasiojua kutumia mfumo, huo ni ukweli.

---

Zamu_ya_Usiku

Hapa naungana na Kaka. Kuna mtu anaingiza tarehe kinyumenyume kila mwezi, utaita nini hiyo?

---

Foleni_Ndefu

Zamu, ni mtu mmoja au ni watu tofauti?

---

Zamu_ya_Usiku

Ngoja niangalie.

...

Tofauti. Na wote ni kwenye fomu moja ya maombi. Uga wa tarehe unapokea ukiandika kwa mkono, haukuonyeshi kama mwezi unatangulia au siku. Ukiandika 03/04 unakubali tu. Ukiandika 25/04 ndipo unakataa, kwa hiyo wanaoingiza tarehe za mwanzoni mwa mwezi ndio wanaoharibu bila kujua.

Haya, nimejijibu.

---

Bi_Daftari

😄 Ndiyo. Sisi tunaiita "Fomu au maelekezo yanachanganya". Tukio ni lilelile, ila jina hilo linakuelekeza kwenye kitu unachoweza kukibadilisha. Na hiyo ya tarehe za 12 kushuka chini kupita bila kukataliwa ni funzo zuri kwa mwingine anayesoma hapa: makosa yanayokataliwa na mfumo yanaleta tiketi, yanayokubaliwa yanaleta data mbovu ambayo tiketi yake itakuja baadaye kwa jina la ripoti.

---

fundi_pampu

Samahani mimi si mtu wa kompyuta, niko matengenezo ya mitambo, nimeingia kwa sababu ya kichwa cha uzi. Kadi zetu za kazi zina sehemu ya chanzo pia, na miaka yote chanzo kinachoandikwa ni "uchakavu". Beringi imekufa: uchakavu. Sili inavuja: uchakavu. Kapulingi imelika: uchakavu.

Kuna pampu moja ilikuwa inakula beringi za upande wa mota kupita kiasi. Kila kadi iliandikwa uchakavu, na kila fundi alibadilisha beringi vizuri. Ilipokuja kubainika, mota ilikuwa imebadilishwa na shafti hazikunyooshwa pamoja na za pampu. Chanzo kilikuwa ufungaji. Neno "uchakavu" ni kweli kabisa, beringi imechakaa! Ila limechukua kadi zote na halituonyeshi lolote.

Tulichofanya ni kuliondoa neno hilo kwenye kadi. Anayetaka kuandika uchakavu aandike kitu kilidumu muda gani na kilitakiwa kudumu muda gani. Kikiwa kimekufa mapema, sio uchakavu.

---

Bi_Daftari

Fundi, karibu sana, na hiyo ya mwisho naichukua. Kila orodha ina neno lake la kumeza kila kitu. Kwetu lilikuwa "Hitilafu ya mfumo".

Mleta uzi, nirudi kwenye maswali yako. Orodha yangu mimi ina vitu vinane: maandalizi au mipangilio ya seva, data iliyoingia ina kasoro, msimbo wetu, ruhusa na akaunti, huduma ya nje, fomu au maelekezo yanachanganya, uwezo umezidiwa, na "hakijajulikana". Zaidi ya kumi watu hawasomi, wanabofya cha juu. Chini ya hiyo orodha kuna mstari mmoja wa maandishi huru: *hasa ni nini*. Kundi linakupa idadi, mstari unakupa habari. Kundi pekee lingesema "maandalizi ya seva: 4" na usingejua kwamba zote ni zungusho la logi.

"Hakijajulikana" iache iwepo na usimkemee anayeitumia. Ukiikataza, watu watabahatisha, na dhana iliyobahatishwa haina rangi tofauti na iliyothibitishwa. "Nyingine" mimi sina. Kama huwezi kuiacha, basi ikifika moja kati ya tano kaa uzisome zote, kuna kundi limejificha humo.

Kwenye Jira yenyewe kuna mitego miwili. Usiufanye uga kuwa wa lazima kwenye mpangilio wa jumla wa uga, maana utadaiwa hata wakati wa kufungua tiketi, na hapo nani anajua chanzo? Uweke kwenye skrini ya hatua ya kufunga, na sharti la kuujaza liwe kwenye hatua hiyo tu. Pili, usiweke thamani ya kuanzia. Ukiweka, hiyo ndiyo itakayoongoza chati.

Halafu kagua zilizopita bila alama:

```
project = HUDUMA AND resolved >= -90d AND "Chanzo" is EMPTY
```

Angalizo: `resolved` inasoma tarehe ya uga wa Resolution. Kama mtiririko wenu unahamisha tiketi hadi Done bila kuujaza huo uga, tiketi hizo hazitatokea kwenye utafutaji huu na utadhani uko salama.

---

kimya_kimya

Sisi tuko GitLab, tunatumia lebo zenye nukta pacha mbili-mbili, `chanzo::data`, `chanzo::msimbo`. Uzuri wake ukiweka ya pili ya kundi hilo ile ya kwanza inaondoka yenyewe, hivyo tiketi haiwezi kuwa na vyanzo viwili. Ila ni kwa usajili wa kulipia.

---

Foleni_Ndefu

Na kama kweli vyanzo ni viwili?

---

kimya_kimya

Tunabishana, anayeshinda anaweka 😂

---

Bi_Daftari

Hapo sina jibu la kukupa kwa uhakika. Mimi naruhusu kimoja tu, kile ambacho kikiondolewa tukio lisingetokea. Lakini kuna matukio ambayo ukiondoa chochote kati ya viwili lisingetokea, na hapo alama moja inapoteza nusu ya habari.

Wazo la kuweka alama wakati wa kufunga si geni, kwa wanaopenda historia. IBM walikuwa na mfumo wa kuainisha kasoro za programu, ODC, uliochapishwa mwaka 1992. Anayefungua anajaza mambo yanayojulikana wakati wa kufungua, kwa mfano alikuwa anafanya nini kasoro ilipojitokeza. Aina ya kasoro inajazwa na anayeirekebisha, kwa sababu ndiye aliyeona ndani. Kila mtu anaandika anachokijua.

---

Kaka_wa_Kwa_Nini

Swali la nyongeza. Wiki iliyopita huduma ya nje ililala asubuhi nzima, tukapata tiketi zaidi ya ishirini. Zote zimewekwa "huduma ya nje". Sasa chati inasema hilo ndilo tatizo letu kubwa, wakati limetokea mara moja.

---

Bi_Daftari

Swali zuri kuliko la uzembe 😄

Hesabu matukio, usihesabu tiketi. Tiketi moja iwe kuu, nyingine ziunganishwe nayo kama nakala na zifungwe bila kuingia kwenye hesabu. Kama watu hawaunganishi, tumia njia ya mkato: hesabu *wiki ngapi* chanzo kimejitokeza, badala ya mara ngapi. Zile ishirini za Kaka zitakuwa wiki moja. Logi za mleta uzi zitakuwa wiki tatu au nne, japo tiketi ni nne tu. Hilo ndilo linalojirudia.

Jedwali langu la kikao ni hilo: safu za chini ni vyanzo, juu ni wiki, ndani ni tiki. Chanzo kikigusa wiki tatu, tunafungua kazi yake yenyewe yenye mwenye nayo, na tiketi mpya zote za aina hiyo zinaunganishwa nayo. Ikishafungwa hiyo kazi, tiki zinatakiwa zikome. Zisipokoma, ama dawa ilikuwa si yenyewe, ama watu walikuwa wanaweka alama kwa mazoea, na utazijua kwa kusoma ile mistari ya *hasa ni nini*.

---

Zamu_ya_Usiku

Mimi bado nina tatizo na nani aweke. Saa nane usiku nataka huduma irudi, sitaki kulinganisha saraka za seva mbili. Nitaweka "hakijajulikana" kila siku.

---

Bi_Daftari

Weka. Wa mchana anazipitia.

---

Zamu_ya_Usiku

Wa mchana ana zake. Na ushahidi unapotea, ukishawasha upya huduma ile `lsof` haionyeshi tena kitu.

---

kimya_kimya

Hapo Zamu ana hoja. Sisi tuna skripti fupi inayoendeshwa kabla ya kuwasha upya: inahifadhi `df`, `lsof +L1` na mistari ya mwisho ya logi, na unaibandika kwenye tiketi. Kutambua chanzo kunafanywa baadaye na yeyote. Ila uihifadhi nje ya hiyo diski iliyojaa, sisi mwanzoni tulikuwa tunaandikia `/var` 🤦

---

Foleni_Ndefu

Hiyo skripti naihitaji, kimya_kimya, ukiweza iweke hapa.

Nimeshafungua kazi ya logrotate na tiketi nne nimeziunganisha nayo. Ya tano nimeiweka "data iliyoingia ina kasoro", ingawa data yenyewe haina kasoro, imechelewa tu. Sijui kama kuchelewa kunastahili kundi lake au niiache humo kwanza nione.

---

Bi_Daftari

Iache humo, kwenye mstari andika "imechelewa". Ikijirudia utaigawa.

---

fundi_pampu

Kwetu tungeiita uchakavu 😂